Kahawa yako imekolea, lakini haijakamulika

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nina nyumba ndogo ya wageni hapa Shela, Lamu. Asubuhi nawawekea wageni kahawa ya presi, lile jagi lenye chujio la kusukuma, kwa buni nzuri za Nyeri zilizokaangwa kidogo tu. Nilianza na gramu 60 kwa lita moja ya maji, ikatoka nyepesi na chachu. Nikapanda hadi gramu 100. Sasa ni kali kwelikweli, lakini uchachu uko palepale na wageni wanaacha nusu kikombe. Nasaga chenga kubwakubwa kama nilivyoelekezwa, maji ni ya themosi, nangoja dakika mbili. Nakosea wapi?"

Marahaba, mwanangu. Umenipa vipimo vyote ninavyovihitaji, kwa hiyo nitakujibu moja kwa moja kisha nieleze. Rudi kwenye gramu 65. Saga ndogo zaidi, mpaka chenga zilingane na sukari. Themosi iache kando, tumia maji yanayotoka jikoni yakichemka. Ngoja dakika tano badala ya mbili. Utapata kahawa ambayo imekolea karibu sawa na hiyo ya gramu 100, na uchachu unaokusumbua utakuwa umeondoka.

Sasa sababu. Nadhani shida yako imeanzia kwenye neno lenyewe, "kali". Kwetu sisi neno hilo linabeba mizigo mingi. Kahawa chungu tunaiita kali, chachu tunaiita kali, iliyojaa unga tunaiita kali, hata ile inayomkesha mtu usiku tunaiita kali. Mgeni akikwambia kahawa yako kali, hujui anasema lipi kati ya hayo. Kwa hiyo nikuombe tuliweke neno hilo pembeni kwa leo, tutumie mawili mengine: kukolea na kukamulika.

Kukolea unakujua tangu utotoni. Chai imekolea majani, mchuzi umekolea chumvi. Maana yake ni kwamba ndani ya kile kilichomo kikombeni, sehemu kubwa kiasi gani ni kahawa na sehemu gani ni maji. Ukichukua gramu 100 za kahawa ya presi iliyo ya kawaida, ukaikausha yote, utabaki na gramu moja na kitu ya vitu vilivyokuwa vimeyeyuka. Zilizobaki zote ni maji. Hiyo gramu moja na kitu ndiyo ukolevu wake, asilimia moja na kitu.

Kukamulika ni jambo la unga, si la kikombe. Hapa swali ni: katika unga ule uliouweka kwenye presi, umetoa kiasi gani, na kiasi gani umekitupa pamoja na machicha?

Mfano wake uko jikoni kwako. Mama yangu alipokuwa akikuna nazi kwa wali wa wageni, tui la kwanza lilikuwa zito, jeupe, unaweza kulichota likashika kwenye kijiko. Lakini machicha hayakutupwa. Yalirudishiwa maji ya vuguvugu, yakakamuliwa tena, na tui la pili likatoka. Mtu akitaka tui zito peke yake, anaweza kukuna nazi tano, akatia maji kidogo, akakamua mara moja kwa haraka na kuacha. Tui litakuwa zito sana. Lakini je, nazi zimekamuliwa? Hapana, machicha bado yamejaa. Uzito wa tui umetokana na wingi wa nazi. Hivyo ndivyo ulivyofanya na gramu 100 zako.

Ila mfano huo una mahali unapokoma, na hapo ndipo ladha inapoingia. Tui la pili ni tui lilelile, limepungua uzito tu. Kahawa si hivyo. Ndani ya chembe ya kahawa kuna vitu vya aina nyingi, na havitoki kwa mwendo mmoja. Asidi, zile zenye uchachu, hutoka upesi, na kafeini pia haichelewi. Utamu na ile ladha ya sukari iliyoungua kidogo huja kujaa baadaye. Vitu vizito vyenye uchungu na ukakasi huchelewa zaidi, vikihitaji muda, joto, au chembe ndogo zisizo na pa kuvificha. Sisemi kwamba vinapanga foleni mlangoni, vya kwanza vikatoka vyote ndipo vya pili vianze. Vyote vinatoka pamoja, lakini mwanzoni uchachu umetangulia, na utamu unahitaji kusubiriwa ili uufikie.

Ndiyo maana kahawa ambayo haijakamulika vya kutosha huwa chachu kwa namna fulani ya pekee. Inauma pembeni mwa ulimi, kisha inakatika ghafla, hakuna kinachofuata. Wengine huonja kama chumvi kidogo. Usiuchanganye na uchachu mzuri wa buni za Nyeri, ambao ndio fahari yake. Ule uko kama embe lililoiva, uchachu umeshikana mkono na utamu, na ukimeza ladha inabaki kinywani kwa muda. Uchachu wa kahawa isiyokamulika ni kama kulamba ukwaju mtupu.

Na kwa upande wa pili, ukipitiliza, unafika kwenye uchungu mkavu. Umewahi kula bibo la mkanju, ulimi ukakauka na meno kama yamepakwa chaki? Huo ndio ukakasi ninaousema. Ukiuonja kwenye kahawa uliyoisaga kwa makini na kuionja bila maziwa, jua kwamba umekamua mpaka ukapita.

Watu wa kahawa wana namba kwa mambo haya mawili, na zinasaidia, kwa hiyo nikupe chache. Katika uzito wa buni iliyokaangwa, karibu asilimia 30 tu ndiyo inayoweza kuyeyuka katika maji. Asilimia 70 ni nyuzi, kama mbao, hazitoki hata ufanyeje. Na hata katika hizo 30, hatuzitaki zote. Mwanakemia Ernest Lockhart wa chuo cha MIT, Marekani, ndiye aliyechora katika miaka ya 1950 jedwali ambalo mpaka leo linafundishwa: ukolevu kwenye mstari mmoja, mkamuo kwenye mstari mwingine, na mraba katikati. Mraba huo unasema kahawa ya chujio huwapendeza wengi pale unga unapokamuliwa asilimia 18 hadi 22, na ukolevu ukiwa karibu asilimia 1.15 hadi 1.35. Uzuri wa jedwali hilo, kwa maoni yangu, hauko kwenye mraba wenyewe. Uko katika kuonyesha kwamba hii ni mistari miwili. Unaweza kupanda mmoja huku mwingine umelala palepale.

Sasa twende kwenye kahawa yako. Mimi ninakaa Malindi, na barua yako iliponifikia nilikuwa na buni za Nyeri zilizokaangwa kidogo, karibu na zako. Nikairudia kahawa yako jikoni kwangu kwa vipimo vyakovyako. Nilichemsha maji saa kumi na moja alfajiri, nikayatia themosi, nikayafungua saa mbili asubuhi kama ninavyodhani unavyofanya wewe. Kipimajoto kilinionyesha nyuzi 84. Nilipoyamimina kwenye presi ya kioo iliyokuwa baridi, juu ya unga, yakashuka hadi 76. Nikangoja dakika mbili, nikasukuma, nikamimina.

Ninacho kifaa kidogo cha kupimia ukolevu. Unaweka tone la kahawa iliyopoa juu ya kioo chake, kinaangalia jinsi mwanga unavyopinda ndani ya tone, kinakupa asilimia. Kwa gramu 60 zako za mwanzo kilisoma 0.9. Maana yake, katika lita nzima, yaani gramu 1,000 za maji, zilikuwa zimeyeyuka karibu gramu 9 za kahawa. Gramu 9 kutoka kwenye unga wa gramu 60 ni asilimia 15. Hesabu ndiyo hiyo tu:

mkamuo = ukolevu × maji ÷ unga
0.9 × 1,000 ÷ 60 = 15

Kikombe hicho kilikuwa na makosa mawili kwa pamoja. Hakikukolea, na hakikukamulika. Wewe ulilisikia kosa moja, wepesi, ukalitibu. Ni jambo ambalo mtu yeyote angelifanya.

Kisha nikafanya ya gramu 100, mambo mengine yote vilevile. Kifaa kikasoma 1.4. Ukolevu umepanda sana, umepita hata ule mraba wa Lockhart kidogo. Lakini tazama mkamuo:

1.4 × 1,000 ÷ 100 = 14

Umeshuka. Unga umekuwa mwingi, umeyapoza maji zaidi, na kila chembe imepata maji machache ya kuogelea. Nilipokionja kikombe hicho nilielewa kwa nini wageni wako wanaacha nusu. Ni uchachu uleule, sasa umevalishwa nguvu. Na kwa kuwa kafeini hutoka mapema, kikombe hicho kina kafeini nyingi kuliko cha kwanza. Mgeni anapata mapigo ya moyo bila kupata utamu.

Mara ya tatu nikatumia gramu 65. Nikasaga ndogo zaidi, nikapasha presi kwa maji ya moto nikayamwaga, kisha nikamimina maji moja kwa moja kutoka kwenye birika linalochemka. Kumbuka kwamba Shela na Malindi tuko usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 100. Nairobi, kule juu, yanachemka karibu nyuzi 94. Kwa hiyo tunayo nyuzi kadhaa za bure, na buni zilizokaangwa kidogo zinazihitaji, maana ni ngumu na hazitoi kwa urahisi. Baada ya dakika nne nikalivunja lile gamba la povu na unga linaloelea juu, nikakoroga mara tatu taratibu kwa kijiko, nikangoja dakika moja tena unga uzame. Kifaa kikasoma 1.3.

1.3 × 1,000 ÷ 65 = 20

Tazama namba hizo mbili za mwisho pamoja. Kikombe cha gramu 100 na cha gramu 65 vimekaribiana mno kwa ukolevu, 1.4 na 1.3. Ukimpa mtu atazame rangi tu, hataweza kuvitofautisha. Lakini kimoja ni unga uliokamuliwa asilimia 14, kingine asilimia 20. Cha kwanza kinauma na kukatika. Cha pili kilikuwa na uchachu wa embe, kisha sukari guru, kisha kikatulia. Nilikiacha kipoe juu ya baraza nikarudi baada ya dakika ishirini, kikawa kitamu zaidi. Kile cha gramu 100 kilipopoa kilizidi kuwa kikali cha ukwaju. Kupoa ni mtihani mzuri, kwa sababu moto mwingi huficha ladha. Usiihukumu kahawa ikiwa inaunguza mdomo.

Na gramu 35 ulizokuwa ukizitupa kila asubuhi, kwa mwezi ni zaidi ya kilo moja ya kahawa ya Nyeri.

Huna haja ya kununua kifaa kama changu ili ujue ulipo. Kuna jaribio ambalo nalitumia mpaka leo hata kifaa kikiwa mfukoni. Chukua kahawa yako ya gramu 100, igawe vikombe viwili. Kimoja kiache. Kingine kiongezee maji ya moto, kama theluthi moja ya ujazo wake. Onja. Maji uliyoyaongeza hayagusi unga, kwa hiyo hayawezi kubadilisha mkamuo hata kidogo. Yanapunguza ukolevu peke yake. Basi kama kile kilichoongezwa maji kimekuwa kitamu, ladha zimefunguka na kusikika, shida yako ilikuwa ukolevu, na dawa ni kupunguza unga. Kama kimekuwa chepesi na bado kinauma vilevile, shida ni mkamuo. Hapo kuongeza au kupunguza unga hakutakusaidia, lazima uende kwenye usagaji, joto au muda. Kahawa yako nilipoifanyia hivyo ilikuwa chachu kabla na chachu baada.

Hapa Malindi tuna Waitaliano wengi, na kahawa yao ya espreso inaonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo. Kikombe kile kidogo hutengenezwa kwa mfano na gramu 18 za unga, kikatoka kinywaji cha gramu 36. Ukolevu wake unaweza kufika asilimia 10, karibu mara nane ya presi yako. Mtu akionja anasema hii ndiyo kahawa iliyokamuliwa mpaka mwisho. Piga hesabu, ila hapa tumia uzito wa kinywaji kilichotoka, kwa kuwa maji yamepita juu ya unga na kuondoka: 10 × 36 ÷ 18 ni 20. Mkamuo ni asilimia 20, sawasawa na presi nzuri ya lita moja. Zimekamuliwa sawa, zimekolea tofauti kabisa. Mhudumu akiimwagia ile espreso maji ya moto ili mgeni aipate ndefu, anaubadilisha ukolevu wake tu. Espreso ikiwa chachu, na hiyo ndefu itakuwa chachu.

Nilijifunza hili kwa njia ngumu kidogo. Nikiwa kijana nilifanya kazi katika hoteli moja hapa Malindi, na kila mgeni alipolalamika tuliambiwa "ongeza kahawa". Hakuna aliyewahi kutuambia tuguse mashine ya kusagia. Tuliongeza mpaka kichujio kikajaa, maji yakawa hayapiti sawasawa, na malalamiko yakaendelea. Miaka mingi baadaye, nilipojua mistari ile miwili, nilikumbuka vikombe vile vyote vilivyorudi jikoni vimejaa.

Turudi kwako, kwenye namna ya kurekebisha. Nilibadilisha mambo matatu kwa mpigo kwa sababu nilijua ninakokwenda. Wewe nakushauri uanze na maji, kwa kuwa ndiyo rahisi na hayana gharama. Kesho tumia maji yanayochemka na presi iliyopashwa, ngoja dakika tano, mengine yaache. Nadhani utasikia tofauti mara moja. Kisha kesho kutwa punguza chenga. Hizo kubwakubwa ulizoelekezwa, zinazofanana na chenga za mchele, zilikusudiwa presi isipitishe vumbi. Nia ni nzuri, lakini maji yanaishia juu ya ngozi ya chembe, katikati hayafiki. Fikiria muhogo uliokatwa mapande makubwa ukaupika kwa dakika chache. Nje umeiva, ndani mbichi. Ukikata vipande vidogo, moto uleule unatosha.

Ukisaga kulingana na sukari, vumbi kidogo litaongezeka kikombeni. Usiisukume presi mpaka chini. Ishushe mpaka iguse kinywaji tu, kama chujio, kisha mimina polepole na acha kidole kimoja cha kahawa chini pamoja na mashapo. Hapo inatoka safi.

Tazama pia mashine yako ya kusagia. Kama ni ile ya visu vinavyozunguka kama ya kusagia bizari, itakupa vumbi na mapande katika bakuli moja. Vumbi linakamulika mpaka ukakasi, mapande yanabaki machachu, na kikombe kinakuwa na makosa yote mawili kwa wakati mmoja. Hesabu ya wastani inaweza kusoma asilimia 19 nzuri, na bado ladha ikawa mbaya. Hicho ndicho kikomo kikubwa cha namba hizi: zinakwambia wastani, hazikwambii kama chembe zote zimetendewa sawa. Ikiwa huna mashine ya meno, inayosaga chenga zikalingana, saga kwa vipindi vifupi ukiitikisa, kisha pitisha kwenye chekecheke, na mapande makubwa yarudishe yasagwe tena. Kazi yake ni ya dakika tatu.

Utajua umefika ukisikia utamu baada ya kumeza. Endelea kupunguza chenga kwa hatua ndogo mpaka siku moja uusikie ule ukavu wa bibo, kisha rudi nyuma hatua moja. Pale ndipo mahali pa buni hizo. Mfuko mwingine, ukaangaji mwingine, mahali patasogea kidogo.

Huenda unajiuliza kuhusu kahawa chungu ya mjini, ile ya dele. Wazee kwenye mabaraza ya Lamu hawalalamiki uchachu, na hawana kipimajoto. Ukiangalia wanachofanya utaona kila kitu kinaelekea upande mmoja. Buni zimekaangwa hadi karibu nyeusi, kwa hiyo asidi nyingi zimeshavunjwa na moto, na buni zenyewe zimekuwa laini na nyepesi kutoa. Zimetwangwa kinuni mpaka unga. Zimechemshwa juu ya makaa, si kulowekwa. Hapo hakuna namna ya kukosa kukamulika. Hatari yao ni ile ya upande wa pili. Dele likikaa juu ya makaa tangu magharibi hadi baada ya isha, maji yanapungua na kahawa inazidi kukolea, na papo hapo unga unaendelea kukamuliwa. Mistari yote miwili inapanda pamoja. Muuzaji hodari huimimina kahawa ikaacha mashapo yake, akaitunza kwa moto mdogo tu. Tangawizi na kashata vinafanya kazi iliyobaki, na kikombe chenyewe ni kidogo, kinamezwa kwa mikupuo mitatu. Ni kahawa ya namna yake, na mimi naipenda. Lakini usiipime presi yako kwa hiyo, wala usizichemshe buni zako za Nyeri kwenye dele. Utaua ladha uliyoilipia.

Kuna mambo mawili ambayo mkamuo hauwezi kuyatibu. La kwanza ni buni ambazo hazikuiva ndani wakati wa kukaangwa. Zinanuka majani na karanga mbichi, na ni ngumu mno ukizitafuna. Hizo utazisaga vumbi, utazichemsha, bado hazitakuwa tamu. Tafuna moja leo. Ikivunjika kwa urahisi na kuwa na ladha ya kahawa, ziko sawa. Ikikataa meno, mrudishie aliyekuuzia.

La pili ni mgeni mwenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis wamelipitia upya jedwali la Lockhart katika miaka ya karibuni, wakawaonjesha wanywaji wa kawaida, na wakaona watu hawakusanyiki wote kwenye mraba mmoja. Wako wanaopenda uchachu na wako wasioutaka kabisa. Kwa hiyo hata ukiikamua vizuri kabisa, mgeni fulani bado anaweza kukunja uso. Huyo usimbadilishie usagaji. Mwekee mfuko wa pili wa buni zilizokaangwa zaidi. Na yule anayetia maziwa, mwongezee unga, gramu 75 kwa lita, kwa kuwa maziwa yanaupunguza ukolevu. Hapo ndipo mahali sahihi pa ile kanuni yako ya kuongeza.

Mwisho ni maji yenyewe. Maji ya visima vya huko Shela huweza kuwa na chumvichumvi, na kiasi chake huenda kisilingane kila kisima. Hukuniambia unatumia maji gani. Kabla ya kugusa mashine ya kusagia, pika presi mbili asubuhi moja, moja kwa maji ya bomba lako na nyingine kwa maji ya chupa, vipimo vilevile. Ikiwa ile ladha ya kuuma pembeni mwa ulimi iko katika ya bomba tu, niandikie tena kabla hujabadilisha kitu kingine.